Kufumua Sandhi: Jinsi ya Kusoma Kisanskriti Maneno Yanapoungana

Umeshajua herufi za Kisanskriti, umeshakariri maumbo machache ya nomino na vitenzi, sasa unafungua beti ya kwanza ya Bhagavad Gita na kamusi iko pembeni. Unatafuta pāṇḍavāś, halipo. Unatafuta caiva, nalo halipo. Unaanza kuilaumu kamusi, lakini kamusi haina kosa. Maneno yaliyokaribiana yameathiriana sauti, na mwandishi ameyaandika kama yanavyosikika yakitamkwa kwa mfululizo. Badiliko hilo ndilo linaloitwa sandhi.

Vitabu vingi vya sarufi hufundisha sandhi kwa upande wa anayetunga: chukua a, ongeza i, utapata e. Msomaji yuko upande wa pili wa mlango. Yeye ana e mkononi na anataka kujua ilitokana na nini, na mara nyingi majibu ni zaidi ya moja. Mwongozo huu unafuata upande wake. Unamhusu mtu anayesoma Kisanskriti sanifu, hasa Gita, ambayo ni nyepesi kiasi na ina matoleo mengi.

Kwanza tukubaliane kuhusu tahajia. Nitatumia herufi za Kilatini wanazotumia wasomi wa Kisanskriti. Mstari juu ya irabu unaonyesha kuwa irabu ni ndefu. Herufi c husomwa kama ch ya chai, na ch husomwa hivyohivyo ila kwa pumzi nyingi. Herufi ś na ṣ zote zinakaribia sh yetu. Alama ḥ, yaani visarga, ni pumzi nyepesi mwishoni mwa neno. Alama ṃ, yaani anusvara, ni sauti ya puani.

Unachokijua tayari

Msemaji wa Kiswahili haanzi mikono mitupu. Chukua mwizi na wezi. Mzizi ni -izi. Katika umoja, mu- imekutana na irabu na u ikageuka w. Katika wingi, wa- imekutana na i, na a pamoja na i zikazaa e. Kanuni hizo mbili zimo ndani ya Kisanskriti vilevile: i na u mbele ya irabu isiyofanana nazo hugeuka y na v, na a ikikutana na i hutoa e. Ndivyo yalivyoundwa majina ya watu yaliyozoeleka Mombasa na Dar es Salaam: Mahendra ni mahā, yaani kuu, pamoja na indra, Rajendra ni rāja pamoja na indra. Hata Himalaya ni hima, theluji, pamoja na ālaya, makao.

Tofauti ni kwamba Kiswahili hufanya hivyo ndani ya neno, kati ya kiambishi na mzizi. Kisanskriti hufanya hivyo hata kati ya neno na neno, katika sentensi nzima, na hakiachi alama ya kukuonyesha mahali neno moja lilipoishia.

Hatua ya kwanza: jua neno linaweza kuishia na nini

Hii ndiyo silaha kubwa kuliko zote, na vitabu huipitia juu juu. Neno la Kisanskriti likisimama peke yake huishia kwa irabu, au kwa mojawapo ya konsonanti hizi nane: k, ṭ, t, p, ṅ, n, m, na ḥ. Nyingine ni nadra mno, hazitakusumbua. Kwa hiyo ukiona neno limeishia na d, g, b, c, j, l, r, ś, s au ñ, fahamu papo hapo kwamba hiyo si sauti yake ya asili. Imevaa sauti ya jirani.

Inayobadilika zaidi ni t. Tazama neno tat, "hicho", likitembea kati ya majirani: tad eva ni tat eva; tac ca ni tat ca; taj jalam ni tat jalam; tan na ni tat na. Ukikuta c, j, l au n mwishoni mwa neno, na sauti inayofuata ni ya jamii hiyo hiyo, au ukikuta d mbele ya irabu au ya konsonanti kama g, d na b, jaribu kwanza kurudisha t. Mara mbili tu utahitaji kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu jirani naye hubadilika: tac chrutvā ni tat śrutvā, na tad dhi ni tat hi. Mtu asiyejua hili atatafuta dhi kwenye kamusi asubuhi hadi jioni.

Sauti n ina vituko vyake viwili. Ikiwa mwishoni baada ya irabu fupi, na neno linalofuata linaanza na irabu, hujirudia. Gita 2.10 ina prahasann iva. Ondoa n moja upate prahasan iva, "kana kwamba anacheka". Ikiwa mbele ya t, huingiza s katikati, kwa hiyo tāṃs tu ni tān tu. Ama anusvara mwishoni mwa neno, hiyo haina fumbo: karibu kila mara ni m iliyokutana na konsonanti.

Hatua ya pili: isome nafasi, na usiiamini sana

Katika maandishi ya Devanagari, konsonanti ya mwisho wa neno huungana kimaandishi na irabu inayofuata. Kwa hiyo kim akurvata huandikwa kimakurvata, pamoja, ingawa hakuna sauti hata moja iliyobadilika. Chapa za Devanagari kwa kawaida huacha nafasi pale tu neno linapoishia kwa irabu, visarga au anusvara. Maana yake ni hii: ukiona nafasi, hapo pana mpaka wa neno; usipoiona, usihitimishe kwamba hilo ni neno moja.

Matoleo ya Kilatini hutenganisha kila panapotenganika. Lakini irabu mbili zikishakuwa moja, hakuna mchapishaji anayeweza kuweka nafasi katikati yake. Ndiyo maana hata katika toleo la Kilatini utakutana na caiva na nāyaṃ.

Kuna alama moja ya msaada, avagraha, inayoandikwa ' kwa Kilatini. Inakuambia kwamba a fupi ya mwanzo wa neno imemezwa hapo. Te 'pi ni te api. Ukiiona, shukuru, kwa maana miswada mingi ya zamani haikujishughulisha kuiandika.

Hatua ya tatu: tafuta visarga zilizopotea

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo maana ya sentensi inapopatikana au inapopotea. Nomino nyingi za kiume, zikiwa kiima katika umoja, huishia na -aḥ. Katika wingi huishia na -āḥ. Usipozitambua, hutajua nani ametenda.

Silabi -aḥ huacha nyayo za aina tatu. Mbele ya konsonanti ghuna, yaani zile zinazotamkwa kwa mtetemo wa koo kama g, d, b, m, n, y na v, hugeuka -o: purāṇo na ni purāṇaḥ na. Mbele ya a fupi hugeuka -o vilevile na kuimeza hiyo a: śāśvato 'yam ni śāśvataḥ ayam. Mbele ya irabu nyingine yoyote, visarga hupotea kabisa na kubakiza a tupu.

Aina hiyo ya tatu ndiyo mtego. Katika Gita nzima utakuta maneno arjuna uvāca. Anayeanza huona arjuna na kudhani ni umbo la kuita, "ewe Arjuna". Kumbe ni arjunaḥ uvāca, "Arjuna alisema". Tena jiulize: mbona a na u hazikuungana zikawa arjunovāca? Kwa sababu pengo hilo limetokana na sauti iliyodondoka, na katika mpangilio wa sarufi ya Panini, mwanasarufi mkuu wa kale wa Kisanskriti, kudondoka huko kunachukuliwa kana kwamba hakujatokea. Panini anamtaja Shakalya kuwa mwenye kauli ya kudondosha sauti hapo. Ni Shakalya yule yule ambaye mapokeo yanamhesabu kuwa ndiye aliyeifumua Rigveda nzima neno kwa neno.

Kwa msomaji, kanuni inakuwa rahisi: pengo kati ya irabu mbili ni kovu. Ukiona neno limeishia na a na linalofuata linaanza na irabu, na hazijaungana, basi kitu kimedondoka. Jaribu -aḥ kwanza. Haikukubali, jaribu -e, kwani vane iha, "msituni hapa", huwa vana iha.

Silabi -āḥ hupoteza visarga mbele ya sauti ghuna yoyote, irabu au konsonanti, na kubaki -ā. Visarga baada ya irabu nyingine, kama i na u, hugeuka r mbele ya sauti ghuna: agnir atra ni agniḥ atra, "moto hapa". Na mbele ya c visarga yoyote hugeuka ś, mbele ya t hugeuka s. Hizi hazina shida, maana ulishajua katika hatua ya kwanza kwamba neno haliishii na ś wala s.

Neno moja lina desturi yake: saḥ, "yule". Mbele ya konsonanti yoyote huacha visarga na kuwa sa. Usiitafutie sababu, likariri tu.

Hatua ya nne: zifumue irabu

Ukishamaliza konsonanti na visarga, zilizobaki ni irabu. Hii hapa orodha ya kuweka ukutani, ikisomwa kutoka unachokiona kwenda unachokijaribu:

- ā: a au ā, pamoja na a au ā
- e katikati ya mfuatano: a au ā, pamoja na i au ī
- o katikati ya mfuatano: a au ā, pamoja na u au ū
- ai: a au ā, pamoja na e au ai
- au: a au ā, pamoja na o au au
- ar: a au ā, pamoja na ṛ
- y mbele ya irabu: i au ī
- v mbele ya irabu: u au ū

Jaribu kwenye Gita 2.3: naitat tvayy upapadyate. Mfuatano naitat una ai, kwa hiyo na etat. Neno tvayy limeishia na y, jambo lisiloruhusiwa, kwa hiyo tvayi. Tunapata na etat tvayi upapadyate, "hili halikufai wewe". Krishna anamkemea Arjuna.

Zingatia maneno "katikati ya mfuatano" kwenye e na o. Ukiona o mwishoni mwa neno na nafasi baada yake, waza -aḥ. Ukiiona katikati, waza a pamoja na u, au o ya asili ya neno lenyewe.

Sasa tuje kwenye ā, ambayo ndiyo hatari kuliko zote. Hatari yenyewe haiko katika njia zake nne za kupatikana. Iko katika kiambishi a-, ambacho katika Kisanskriti hukanusha: sat ni kilichopo, asat ni kisichokuwapo. Kiambishi hicho kikitanguliwa na neno linaloishia kwa a, humezwa na kuacha urefu wa irabu tu; kikitanguliwa na ā, humezwa bila kuacha dalili. Soma Gita 2.16:

nāsato vidyate bhāvo nābhāvo vidyate sataḥ

Ukikata nā + sato, hupati neno la maana, kwa kuwa "si" ni na, yenye irabu fupi. Ukikata na + sato kwa haraka, ukasahau kwamba irabu ni ndefu, umeigeuza falsafa yote juu chini: "kilichopo hakina kuwapo". Mkato sahihi ni na asataḥ vidyate bhāvaḥ, na abhāvaḥ vidyate sataḥ: "kisichokuwapo hakina kuwapo, kilichopo hakina kutokuwapo". Hapa urefu wa irabu ulikuokoa. Mbele tutaona mahali ambapo haukuokoi.

Kabla ya kuondoka, kipo kikwazo kimoja kidogo. Kisanskriti kina uwili, yaani umbo la vitu viwili, na maumbo ya uwili yanayoishia na ī, ū au e hayaungani na irabu inayofuata. Cakṣuṣī ime, "macho haya mawili", hubaki hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiona ī au e imekaa mbele ya irabu bila kubadilika, huenda unasoma habari za vitu viwili, na hapo kanuni inakuwa imekufanyia kazi ya sarufi bure.

Hatua ya tano: kila kipande kisimame chenyewe

Kufumua ni kukisia, na makisio lazima yapimwe. Mimi hutumia maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, kila kipande kimo katika kamusi, au ni umbo halali la neno lililomo? Je, kila kipande kina kazi katika sentensi: kitenzi kina kiima, yambwa ina kitenzi cha kuibeba, kivumishi kina nomino ya kukubaliana nayo? Mwisho, ukiunganisha vipande vyako upya kwa kanuni, je, unarudi kwenye maandishi yaleyale, herufi kwa herufi? Swali la tatu huonekana la kitoto, lakini ndilo linalonasa makosa mengi, hasa ya urefu wa irabu.

Tuipime beti ya kwanza ya Gita:

dharmakṣetre kurukṣetre samavetā yuyutsavaḥ
māmakāḥ pāṇḍavāś caiva kim akurvata saṃjaya

Samavetā inaweza kuwa umbo la kike katika umoja kama lilivyo, au samavetāḥ iliyopoteza visarga mbele ya y, ambayo ni ghuna. Tazama jirani: yuyutsavaḥ, "wanaotaka kupigana", ni wingi wa kiume. Vivumishi viwili vinavyohusu watu walewale lazima vikubaliane, kwa hiyo ni samavetāḥ, "waliokusanyika". Pāṇḍavāś ina ś mwishoni mbele ya c, kwa hiyo pāṇḍavāḥ. Caiva ina ai, kwa hiyo ca eva, "na pia". Kim akurvata haina badiliko. Dhritarashtra, mfalme kipofu, anauliza: "Katika uwanja wa dharma, uwanja wa Kuru, waliokusanyika wakitaka kupigana, watu wangu na wana wa Pandu, walifanya nini, ewe Sanjaya?" Na saṃjaya hapa kweli ni umbo la kuita: baada yake beti imekwisha, hakuna sauti ya kudondosha visarga, kwa hiyo ingekuwa ni kiima ingeandikwa saṃjayaḥ.

Beti nzima, kipande kwa kipande

Sasa Gita 2.20, ambayo ina karibu kila kitu tulichokitaja:

na jāyate mriyate vā kadācin
nāyaṃ bhūtvā bhavitā vā na bhūyaḥ
ajo nityaḥ śāśvato 'yaṃ purāṇo
na hanyate hanyamāne śarīre

Mstari wa kwanza ni mtulivu mpaka neno la mwisho. Na jāyate, "hazaliwi". Mriyate vā, "au hafi". Kadācin imeishia na n, na neno linalofuata linaanza na n. N ya mwisho inaruhusiwa, kwa hiyo huenda ni ya asili, lakini mbele ya n huenda pia ni t. Kamusi inaamua: kadācit ipo, maana yake "wakati wowote". Angalia kwamba sandhi imevuka kutoka mstari hadi mstari. Inasimama kwa uhakika katikati ya beti na mwishoni mwake tu.

Nāyaṃ: rudisha m, upate nāyam. Kamusi itakupa nāya, "kiongozi", na nāyam ingekuwa umbo lake la yambwa. Ni neno halali kabisa. Lakini lipime kwa swali la pili: kitenzi gani hapa kinambeba huyo kiongozi? Kuzaliwa na kufa havichukui yambwa. Kwa hiyo tunalikataa na kukata na ayam, "si huyu". Mfano huu ninaupenda kwa sababu unaonyesha kwamba kuwamo katika kamusi hakutoshi.

Mstari wa tatu: ajo mbele ya n ni ajaḥ. Kamusi itakuambia aja ni asiyezaliwa, na pia kwamba aja ni beberu wa mbuzi. Muktadha wa kuzaliwa na kufa unakuondolea beberu. Nityaḥ, "wa daima", imebakiza visarga kwa kuwa ś si ghuna. Śāśvato 'yaṃ ni śāśvataḥ ayam, na avagraha imekuonyesha a iliyomezwa. Purāṇo mbele ya na ya mstari wa nne ni purāṇaḥ, "wa kale". Mstari wa mwisho hauna sandhi ya kufumua: "hauawi mwili unapouawa".

Imebaki bhūtvā bhavitā, na hapa usipite haraka. Bhūtvā ni "akiisha kuwapo". Bhavitā ni "atakuwapo". Ila katika maandishi yasiyoacha nafasi, bhūtvābhavitā inaweza kuwa pia bhūtvā abhavitā, ambapo abhavitā ni "atakoma kuwapo". Mfafanuzi mashuhuri Shankara aliisoma hivyo: huyu si wa kuwapo kisha akatoweka tena. Kwa mkato usio na a, maana inakuwa: wala si kwamba akishakuwapo hatakuwapo tena. Zote mbili zinaishia karibu mahali pamoja, kwa hiyo hapa hasara ni ndogo.

Je, mizani ya shairi haiwezi kusaidia? Kila mstari wa beti hii una silabi 11, na kuhesabu silabi ni kipimo kizuri pale unaposhuku kwamba chapa imekosea. Lakini hesabu hufanywa baada ya sandhi. Bhūtvā bhavitā na bhūtvābhavitā zina silabi tano kila moja, zenye urefu uleule. Sikio halina la kusema.

Pale ambapo kanuni zinakwisha

Ā ileile iliyotusumbua hapo juu imewagawa wanafalsafa wakubwa wa India. Katika Upanishad ya Chandogya, kitabu cha 6, Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu, na mara tisa anafunga somo kwa maneno haya:

sa ātmā tat tvam asi śvetaketo

Sa mbele ya ā ni saḥ, kovu letu la kawaida. Yanayofuata, yakitamkwa kwa mfululizo, ni ātmātattvamasi. Ukikata ātmā tat tvam asi unapata "yeye ndiye nafsi, hicho ndicho wewe", na juu ya mkato huo Shankara alisimamisha mafundisho yake kwamba nafsi na Brahman, uhalisi mkuu ulio asili ya vyote, ni kitu kimoja. Madhva, mwanafalsafa wa karne ya 13 aliyeshikilia kwamba nafsi na Mungu ni wawili, alikata ātmā atat tvam asi: "yeye ndiye nafsi, wewe si hicho."

Pima mikato yote miwili kwa maswali yetu matatu. Vipande vyote ni halali. Sentensi zote mbili zina kiima na kitenzi. Ukiziunganisha upya, zote zinarudi kwenye sauti zilezile. Sandhi haina kauli hapa, na anayekuambia kwamba sarufi peke yake imemkataa Madhva, au imemthibitisha, anakudanganya. Hoja zinazoweza kuamua ziko nje ya kanuni za sauti: mifano anayoitoa baba, kama mito inayoingia baharini na chumvi iliyoyeyuka majini, inafundisha umoja au utofauti? Wengi wa wasomaji, wa zamani na wa leo, wanaona mkato wa kwanza unafuata mkondo wa somo vizuri zaidi. Mimi pia naona hivyo, ila nimefika hapo kwa kusoma somo zima, sikufika kwa kuikata ā.

Programu za kompyuta zinazofumua sandhi, kama Sanskrit Heritage Reader ya Gérard Huet, hukuonyesha tatizo hili waziwazi. Ukiiandikia mstari mmoja, inaweza kukupa mikato mingi inayowezekana na kukuachia uchague. Itumie baada ya kujaribu mwenyewe, la sivyo hutajua kwa nini umechagua. Matoleo mengi ya Gita yanayochapishwa India nayo huwa na safu ya padaccheda, yaani maneno yaliyokwisha kutenganishwa. Ifunike kwa karatasi kwanza. (Neno padaccheda lenyewe ni pada na cheda, ch huongezewa c mbele yake ikija baada ya irabu fupi.)

Kwa mazoezi, huna haja ya kwenda mbali na hapo tulipo. Baada ya karibu kila kiitikio cha Uddalaka, kijana anaomba aelezwe zaidi:

bhūya eva mā bhagavān vijñāpayatv iti tathā somyeti hovāca

Bhūya eva ina pengo kati ya a na e, kwa hiyo bhūyaḥ eva, "zaidi tena". Mā hapa ni "mimi" katika umbo fupi la yambwa. Si ile mā ya kukataza, kwa sababu kitenzi kinachofuata ni cha kuomba. Vijñāpayatv imeishia na v, jambo lisilowezekana, kwa hiyo vijñāpayatu iti. Somyeti ina e katikati: somya iti. Hovāca ina o katikati: ha uvāca. Unganisha: bhūyaḥ eva mā bhagavān vijñāpayatu iti, tathā somya iti ha uvāca. "Mheshimiwa na anieleweshe zaidi." "Haya, mwanangu mpendwa," akasema.